Kifurushi cha bure kinaishia wapi?

Mwuza batiki ana picha 40 za vitambaa kwenye simu na anataka duka mtandaoni. Anafungua akaunti Wix, anachagua muundo, na jioni tovuti iko hewani bila kulipa hata senti. Kinachomkera kwanza ni anwani: ndefu, imebeba `wixsite.com` katikati, na kila ukurasa una tangazo la Wix. Hayo mteja anayaona. Kuna vipimo viwili asivyoviona.

Kimoja ni hifadhi, yaani nafasi ya kuwekea picha na video, ambayo kwa kifurushi cha bure ni 500 MB. Picha 40 za simu, kila moja 4 MB, zinakula 160. Akiongeza video ya dakika mbili ya kuonyesha anavyochovya rangi, imebaki nafasi ndogo sana.

Kingine ni data inayopita kila mgeni anapofungua ukurasa, nayo huisha kama bando ya simu. Tuseme ukurasa una uzito wa MB 3 na kifurushi kinaruhusu GB 1 kwa mwezi: ukifunguliwa mara 330 hivi, basi. Uzito wa ukurasa si siri. Kwenye Chrome ya kompyuta bonyeza F12, nenda Network, pakia ukurasa upya, kisha soma jumla iliyoandikwa chini. Ikizidi MB 3, mara nyingi mhalifu ni picha zisizopunguzwa.

Domeni yako mwenyewe, mathalani ya .co.tz, huunganishwa kwenye kifurushi cha kulipia tu. Wajenzi wengi wa tovuti hutoa domeni ya .com bure mwaka wa kwanza. Uliza ada ya mwaka wa pili kabla hujafurahi. Mimi ningeisajili kando, kwa wakala aliyeidhinishwa, kwa jina na barua pepe yangu. Kijana wa kompyuta akiisajili kwa jina lake, siku mkikosana duka linabaki mikononi mwake.

Hapa ndipo wengi hunaswa. Kifurushi cha Light kinaondoa tangazo na kukubali domeni, ila hakipokei malipo mtandaoni. Kwa hilo unahitaji Core, ambacho ni ghali zaidi. Tena njia za malipo hutegemea nchi uliyomo, kwa hiyo isome orodha yake kabla ya kutoa pesa. Kama wateja wote wa batiki huagiza kwa WhatsApp na kulipa kwa Lipa Namba, kitufe cha kadi hakina mnunuzi. Light inamtosha.

Jambo moja la kujua kabla hajalipa mwaka mzima: akihama Wix, domeni anaondoka nayo, lakini kurasa alizozipanga hazihamishiki. Atazijenga upya.