Kukimbia polepole miezi mitano: nani anafaidika, nani anapoteza muda

MAMA mmoja mwenye ndoo ya maziwa kichwani alinipita. Mimi nilikuwa nakimbia, yeye alikuwa anatembea. Ilikuwa mwezi Septemba, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kwenye kilima kimoja cha Njiro hapa Arusha. Saa yangu ya mkononi ilikuwa imelia kunionya kwamba moyo umevuka mapigo 139 kwa dakika, nami nikapunguza mwendo. Mama yule akageuka akaniuliza, "Pole mwanangu, unaumwa?"

Sikuwa naumwa. Nilikuwa wiki ya pili ya mazoezi ya msingi, yale ambayo mkimbiaji anakubali kwenda polepole kwa miezi kadhaa, akiongozwa na mapigo ya moyo na si kasi. Shabaha ilikuwa nusu marathoni ya Kilimanjaro, kilomita 21, inayokimbiwa Moshi kila mwaka. Mwaka uliotangulia nilimaliza kwa saa 2 na dakika 31, na sehemu kubwa ya mlima wa kuelekea Mweka niliipanda kwa miguu, goti likiuma.

Sikuanza peke yangu. Mwenzangu ni mfanyabiashara wa viatu anayevuka Namanga kila wiki kufuata mzigo Nairobi. Amenizidi umri, hivyo namwita Kaka. Tulianza siku moja na tukafuata kanuni moja. Hadi Desemba mimi nilikuwa naona faida, yeye alikuwa amepoteza miezi mitatu. Sababu haikuwa uvivu, na kwa wasomaji wetu ambao nusu ya wiki wako barabarani, ni vyema kuielewa kabla ya kuanza.

Mantiki ya mazoezi haya iko kwenye nishati. Mwili wa mkimbiaji una akiba mbili. Ya kwanza ni sukari iliyohifadhiwa kwenye misuli na ini, iitwayo glaikojeni. Hii ni kama fedha ya mfukoni: unaitumia haraka, lakini ni kidogo, na ukikimbia kwa nguvu inaweza kuisha ndani ya saa moja na nusu au mbili. Ya pili ni mafuta. Hata mtu mwembamba ana mafuta ya kumpeleka mbali sana, lakini hayo ni mzigo ulio ghalani: kuutoa kunachukua muda na kunahitaji oksijeni ya kutosha.

Unapokimbia polepole, misuli inapata oksijeni inayohitaji na sehemu kubwa ya nishati hutoka kwenye mafuta. Ukirudia hivyo wiki baada ya wiki, mwili unajenga njia za kwenda ghalani. Mishipa midogo ya damu inaongezeka ndani ya misuli. Mitokondria, yaani vile vinu vidogo vya nishati ndani ya seli, vinaongezeka. Moyo nao unajifunza kusukuma damu nyingi zaidi kwa kila pigo, hivyo kwa mwendo uleule unapiga mara chache. Mabadiliko haya hayaonekani kwa wiki mbili. Ndiyo maana watu huambiwa wavumilie miezi mitatu hadi sita.

Kanuni tuliyoifuata ni ya Phil Maffetone wa Marekani. Unachukua 180, unatoa umri wako. Kama umetoka kwenye ugonjwa mkubwa au upasuaji, au unatumia dawa za kila siku, unatoa 10 zaidi. Kama umeumia, unapata mafua mara kwa mara, au ndiyo kwanza unarudi mazoezini, unatoa 5. Kama umefanya mazoezi zaidi ya miaka miwili bila tatizo na unaendelea vizuri, unaongeza 5. Namba unayopata ndiyo dari, na unakimbia kati ya dari hiyo na mapigo 10 chini yake.

Aliyeipa kanuni hii sifa ni Mmarekani Mark Allen, bingwa mara sita wa mashindano ya Ironman ya Hawaii, yenye kuogelea, baiskeli na marathoni. Alipoanza kuzuia moyo wake kwenye mapigo 155, mwendo wake ulianguka hadi takriban dakika 5 na sekunde 8 kwa kilomita, aibu kwa mtu wa kiwango chake. Baada ya kama mwaka mmoja, kwa mapigo yaleyale 155, alikuwa anakimbia kilomita kwa takriban dakika 3 na sekunde 19.

Kwangu hesabu ilikuwa hivi. Nina miaka 36, na 180 ukitoa 36 ni 144. Kwa sababu ya goti nikatoa 5, nikabaki na 139. Nilikimbia siku tano kwa wiki: siku nne dakika 45 kila siku, na Jumapili nilianza na saa moja, nikaongeza kidogo kidogo hadi saa moja na nusu. Dakika 15 za kwanza zilikuwa za kupasha mwili joto na 10 za mwisho za kuupoza.

Kila mwezi nilijipima. Baada ya kupasha mwili, nilikimbia kilomita 5 kwenye kipande kilekile cha barabara, saa ileile, nikishikilia mapigo 139. Septemba nilitumia dakika 40 na sekunde 50. Oktoba zilikuwa 39 na sekunde 10. Novemba nilirudi nyuma hadi 40 kamili, na siku mbili baadaye nikalala kitandani na homa. Moyo ulikuwa umejua kabla yangu. Desemba nilifika dakika 36 na sekunde 15, na Januari 34 kamili. Mapigo hayakubadilika ila mwendo ulibadilika, na hicho ndicho kipimo pekee kinachothibitisha kwamba msingi unajengeka. Goti halikuuma tena.

Sasa tumtazame Kaka. Ana miaka 44, hivyo dari yake ilikuwa 136, na kwa kuwa alikuwa ndiyo kwanza anarudi mazoezini akatoa 5, akabaki na 131. Kwa safari zake alipata siku tatu tu kwa wiki, dakika 40 kila siku. Saa ilimlilia kila alipoanza kukimbia, kwa hiyo karibu robo tatu ya muda alikuwa anatembea. Vipimo vyake vya kilomita 5 vilisomeka dakika 47 Septemba, 46 na nusu Oktoba, na 46 na nusu tena Novemba. Siku moja akaniambia, "Mdogo wangu, hii biashara haina faida. Mtaji unakaa tu."

Alikuwa sahihi, na makosa yalikuwa mawili. La kwanza ni kiasi. Mazoezi mepesi hufanya kazi kwa wingi wa saa. Mtu wa saa nne au tano kwa wiki anayapa misuli ujumbe wa kutosha. Mtu wa saa mbili, tena nyingi za kutembea, anautoa ujumbe hafifu mno. Kwa saa chache hivyo, kiasi kidogo cha mazoezi makali hulipa zaidi.

La pili ni namba yenyewe. Umri haumjui mtu. Watu wawili wa miaka 44 wanaweza kutofautiana kwa mapigo 20 au zaidi katika kiwango cha juu kabisa cha moyo, na kanuni ya 180 inawapa dari moja. Tulimpima Kaka kwa njia ya maongezi: akimbie huku anaongea sentensi nzima bila kukatisha pumzi. Aliongea vizuri hadi mapigo 146. Alipofika 150 alianza kujibu kwa neno mojamoja. Dari yake halisi ilikuwa karibu na 145, wala si 131. Kwa miezi mitatu alikuwa amefungwa kamba fupi.

Tukabadilisha. Siku mbili akakimbia taratibu chini ya 145. Siku ya tatu, baada ya kupasha mwili, akakimbia kwa nguvu dakika 3, akapumzika kwa kutembea dakika 2, mara tano. Kufikia mwisho wa Januari kilomita 5 zake kwa mapigo 145 zilikuwa dakika 38. Sehemu ya nafuu hiyo ilitokana na dari kupanda, hatudanganyi, lakini kwa mara ya kwanza alikuwa anakimbia kweli.

Wapo wengine ambao njia hii itawachelewesha. Mwenye mashindano wiki sita mbele hana muda wa kusubiri msingi. Mkimbiaji wa mita 800 au wa kilomita 5 anahitaji kasi ambayo mapigo ya chini hayaifundishi. Mwenye umri zaidi ya miaka 65 anaweza kupewa namba ya kutembelea tu, na Maffetone mwenyewe anaruhusu kundi hilo kuongeza hadi 10. Anayetumia dawa za shinikizo la damu za aina inayopunguza mapigo ya moyo asiifuate kabisa, kwa sababu saa itamwonyesha moyo umetulia wakati mwili unaumia. Huyo aulize daktari, kisha atumie kipimo cha maongezi.

Wengine husema Wakenya wa Iten na Kaptagat hukimbia polepole, kwa hiyo polepole inatosha. Ni nusu ya ukweli. Siku zao nyepesi ni nyepesi kweli, lakini zipo pia siku za uwanjani na za kubadilisha kasi barabarani. Stephen Seiler, mtafiti anayefanya kazi Norwei, alipochunguza wanamichezo wa juu wa mbio ndefu aliona takriban asilimia 80 ya mazoezi yao ni mepesi. Ile 20 iliyobaki haikuachwa.

Jambo la mwisho ni saa yenyewe. Saa ya mkononi ikilegea huweza kuhesabu hatua badala ya moyo. Ukiona 170 huku unaongea bila shida, simama, weka vidole viwili shingoni, hesabu sekunde 15 na uzidishe kwa 4. Mkanda wa kifuani hukosea mara chache zaidi. Kumbuka pia kwamba joto, usingizi mchache na kukosa maji hupandisha mapigo, hivyo kipimo cha siku uliyoshuka kwenye basi la usiku usikiamini.

Moshi nilimaliza kwa saa 2 na dakika 12, na mlima wa Mweka niliupanda nikikimbia. Kaka alimaliza kwa saa 2 na dakika 24, akanunua soda mbili, akanipa moja na kusema mwakani ataanza na kipimo cha maongezi kabla ya kugusa kanuni ya mtu yeyote.