Kalamu ya Wino ya Zamani: Jinsi ya Kuijua Umri Wake na Thamani Yake Kabla ya Kuinunua au Kuiuza

Katika baadhi ya maduka ya vitu vya kale yaliyo kandokando ya barabara ya Karatu kwenda lango la Ngorongoro, si ajabu kukuta kalamu ya wino ikiuzwa kwa maelezo kwamba ni ya enzi za Mjerumani na kwamba nibu yake ni ya dhahabu. Kalamu za aina hiyo hukutwa pia majumbani, zikiwa zimerithiwa kutoka kwa babu aliyekuwa karani, mwalimu au mfanyakazi wa shamba la kahawa. Mnunuzi huweza kulipa mara nyingi zaidi ya thamani halisi, na mwenye kalamu naye huweza kuitoa kwa bei ya kutupa. Makala hii inaeleza namna ya kujikinga na hasara zote mbili.

Tumechagua kueleza aina moja tu, yaani kalamu ya Kijerumani iitwayo Pelikan 100. Sababu ni kwamba historia ya Karatu inaihusu. Utawala wa Kijerumani katika eneo hili ulikoma mwaka 1916, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Kuanzia mwaka 1925 Wajerumani waliruhusiwa kurudi Tanganyika, na baadhi yao wakafungua mashamba ya kahawa Oldeani, hadi vita vya mwaka 1939 vilipowafanya wengi wao wawekwe kizuizini. Kwa hiyo yako makundi mawili ya Wajerumani yaliyotenganishwa na miaka kadhaa, na wauzaji huyachanganya mara kwa mara. Kalamu yenyewe, ikichunguzwa vizuri, huweza kuonyesha ni ya kipindi kipi.

Kanuni ya msingi

Kalamu ina mashahidi watatu: maandishi ya nibu, namna inavyojazwa wino, na malighafi ya kiwiliwili chake. Kila shahidi husema jambo moja tu, nalo ni kwamba kalamu haiwezi kuwa ya kabla ya mwaka fulani. Umri hukubalika pale mashahidi wote watatu wanapopatana. Mmoja akipingana na wenzake, ama kipande kimebadilishwa, ama maelezo ya muuzaji si ya kweli.

Shahidi wa kwanza: namna ya kujaza wino

Tunaanza hapa kwa kuwa ndipo penye udanganyifu mchache. Nibu hubadilishwa kwa dakika chache, lakini mtambo wa kujaza wino umejengwa ndani ya kalamu.

Kalamu za mwanzo zilijazwa kwa kudondoshea wino ndani ya kiwiliwili. Baadaye zikaja zenye kifuko cha mpira kinachobanwa kwa kiwiko kidogo kilicho ubavuni. Kampuni ya Sheaffer ya Marekani ilianza kuziuza mwaka 1912. Pelikan ilileta njia nyingine mwaka 1929: kifundo cha nyuma kinazungushwa, pistoni iliyo ndani inashuka, kisha inapopandishwa inavuta wino. Vibweta vya plastiki vya kuchomeka vilienea katika miaka ya 1950.

Basi ukizungusha kifundo cha nyuma cha kalamu ya Pelikan na kuona pistoni ikitembea, umekwisha kujua kwamba haikutengenezwa kabla ya mwaka 1929. Haiwezi kuwa ya ofisa wa serikali ya Kijerumani, kwa maana serikali hiyo ilikuwa imeondoka zaidi ya miaka kumi nyuma.

Uzungushaji ufanywe kwa upole. Pistoni za awali zilizibwa kwa gome laini kama lile la kizibo cha chupa ya mvinyo, na gome hilo hukauka na kuganda likikaa miaka mingi bila wino. Kifundo kikikataa, usikilazimishe, kwani parafujo ya ndani huvunjika na matengenezo huwa ghali zaidi. Kama kinazunguka, omba maji baridi katika kikombe na ujaribu kuvuta. Kalamu isiyovuta maji inahitaji fundi, na gharama hiyo itolewe kwenye bei.

Shahidi wa pili: kiwiliwili

Kiwiliwili cha Pelikan 100 ni cha seluloidi, malighafi inayotengenezwa kwa nyuzi za mimea zilizotiwa asidi na kuchanganywa na kafuri. Ukiisugua kwa kidole gumba mpaka ipate joto, kisha ukainusa mara moja, mara nyingi utasikia harufu hafifu ya kafuri. Plastiki za kisasa hazina harufu hiyo. Karibu na shingo ya kalamu pana sehemu inayopitisha mwanga, ambapo kiasi cha wino huonekana. Ielekeze kwenye mwanga wa dirisha: katika kalamu iliyotunzwa huonekana rangi ya kijani, na iliyochakaa huwa imefifia kuelekea kahawia au kuwa na nyufa ndogo.

Vifuniko vingi vya mwanzo vilikuwa vya mpira mgumu. Mpira huo hupoteza weusi wake kwa jua na kuwa kama rangi ya kahawa, na ukisuguliwa hutoa harufu ya kiberiti. Kwa hiyo kifuniko cha kahawia juu ya kiwiliwili cheusi si dalili ya ubandia. Ni jambo la kawaida kwa kalamu za miaka ya 1930.

Tazama pia juu ya kifuniko, palipo na alama ya ndege mwari na makinda yake. Makinda manne ni alama ya awali. Makinda mawili ni alama iliyotumika kuanzia karibu mwaka 1938. Hata hivyo kifuniko huweza kuhamishwa kutoka kalamu moja kwenda nyingine, hivyo alama hii ithibitishwe na mashahidi wengine.

Tunatoa tahadhari mbili. Usikubali muuzaji athibitishe seluloidi kwa sindano ya moto au njiti ya kiberiti, kwa kuwa seluloidi hushika moto upesi mno. Wala usiisafishe kwa spiriti au maji ya moto: spiriti huiyeyusha, na maji ya moto huipinda.

Shahidi wa tatu: nibu

Nibu itazamwe kwa kioo cha kukuzia, penye mwanga wa kutosha. Nibu halisi ya dhahabu ya kalamu hii huwa na jina la Pelikan pamoja na maandishi "14 Karat" na namba "585". Namba hiyo maana yake ni kwamba katika sehemu 1,000 za metali, sehemu 585 ni dhahabu. Kuelekea Vita Kuu ya Pili, Ujerumani ilibana matumizi ya dhahabu, na nibu nyingi zikatengenezwa kwa chuma na kuandikwa "CN". Nibu ya namna hiyo ni halali kabisa, ila si dhahabu.

Maandishi yanayowadanganya wengi ni "IRIDIUM POINT GERMANY". Haya huonekana kwenye nibu za chuma za bei nafuu za miaka ya karibuni, ambazo nyingi hazikutengenezwa Ujerumani, hata kama zimepakwa rangi ya dhahabu. Ukiyakuta kwenye kalamu ya zamani, nibu imebadilishwa.

Mfano wa kukadiria bei

Tuchukue mfano. Muuzaji anadai shilingi 1,500,000 kwa kalamu nyeusi ambayo, kwa maelezo yake, ni ya ofisa wa Kijerumani wa mwaka 1905, yenye nibu ya dhahabu. Unaichunguza. Kifundo kinazunguka kwa shida na maji hayavutwi. Lakini pistoni ipo, hivyo mwaka 1905 umeanguka. Sehemu ya kuonea wino ni ya kijani, kiwiliwili kinanukia kafuri, na kifuniko kina makinda manne. Mambo hayo yote yanakubaliana na miaka kati ya 1929 na 1938, kipindi ambacho walowezi wa Oldeani walikuwapo. Nibu, hata hivyo, imeandikwa "IRIDIUM POINT GERMANY". Kalamu ni ya kweli, nibu ni ngeni, na hadithi ya ofisa haina msingi.

Bei itafutwe kwa kutazama kalamu zilizokwisha kuuzwa, si zile ambazo bado zinatangazwa, kwa sababu mtangazaji huweza kuandika bei yoyote. Katika mnada wa mtandaoni wa eBay, chagua "Sold items". Tuseme umeona kalamu kama hiyo, iliyo kamili na inayofanya kazi, ikiuzwa kati ya euro 140 na 200. Chukua katikati, yaani euro 170. Toa euro 50 za kutengeneza pistoni na euro 60 za kutafuta nibu ya asili. Inabaki euro 60. Kwa kiwango cha shilingi 2,900 kwa euro moja, ni shilingi 174,000. Viwango hivi ni vya mfano na hubadilika. Hesabu yenyewe ndiyo ya kushika.

Kwa anayeuza

Hasara ya muuzaji huwa upande wa pili. Mnunuzi wa dhahabu hupima nibu, huing'oa, na kuilipia kwa uzito. Nibu ya kalamu hii ina takriban gramu 0.3, na dhahabu safi iliyomo ni kama gramu 0.18. Hata gramu moja ya dhahabu safi ikinunuliwa kwa shilingi 300,000, malipo hayatazidi shilingi 54,000. Kalamu ile ile ikiwa nzima na nibu yake ya asili ingeweza kuleta mara kadhaa ya fedha hizo, na nibu ikishang'olewa thamani hiyo haipo tena. Usikubali nibu itolewe kwa ajili ya kupimwa. Wala usiipige msasa kalamu ili ing'ae, kwani maandishi yaliyochorwa juu yake ndiyo ushahidi wa umri wake.

Kabla ya kulipa

Mwombe muuzaji aandike kwenye risiti mambo matatu: jina la kalamu, kipindi kilichodaiwa, na kama nibu ni ya dhahabu na ya asili. Muuzaji mwaminifu hatakataa. Akikataa kuandika kile alichokisema kwa mdomo, bei ya hadithi isilipwe. Piga picha ya nibu, ya kifuniko na ya sehemu ya kuonea wino ukiwa bado dukani. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mfanyabiashara kumpotosha mlaji, na risiti yenye maelezo pamoja na picha hizo ndivyo vielelezo vitakavyolipa nguvu lalamiko lako iwapo kalamu itathibitika kuwa si ile uliyouziwa.