Kichwa cha Tangazo la Laptopu ya Bei Nafuu: Tuanze na Sifa au Faida?

Tuseme muuzaji wa Kariakoo ana laptopu iliyotumika, HP EliteBook 840 G5, anayoiuza shilingi 550,000. Anaweza kuitangaza hivi: "HP EliteBook 840 G5, Core i5 kizazi cha 8, RAM 8GB, SSD 256GB." Au hivi: "Laptopu ya chuo: inawaka upesi, haigandi ukifungua kurasa nyingi." Mashine ni ile ile na bei ni ile ile. Kichwa cha kwanza kinataja sifa, yaani vilivyomo ndani. Cha pili kinataja faida, yaani mnunuzi atapata nini. Kipi kitauza hutegemea msomaji anajua nini kabla hajaliona tangazo.

Mfikirie kijana aliyekwisha kuambiwa na kaka yake asinunue chini ya RAM 8. Anaingia kwenye tovuti ya kuuza na kununua, anaandika "core i5 8gb". Tovuti hutafuta maneno hayo hasa kwenye vichwa vya matangazo, kwa hiyo kichwa cha faida huenda asikione kabisa. Hata akikiona, ana mashine kumi za kulinganisha, na "inawaka upesi" hailinganishiki na chochote. Huyu apewe sifa, tena kamili. "Core i5" peke yake haitoshi, kwa sababu i5 ya kizazi cha 3 ya mwaka 2012 inaitwa hivyo hivyo. Windows 11 kwa kawaida inakubali rasmi prosesa za Intel kuanzia kizazi cha 8, na Windows 10 ilifikia mwisho wa huduma yake ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Kwa mnunuzi anayejua hayo, "kizazi cha 8" ndiyo maneno yenye thamani kubwa kuliko yote.

Sasa mfikirie mama anayemtafutia binti yake laptopu ya chuo, akipitisha picha kwenye Instagram. Hakutafuta namba yoyote, na "SSD 256GB" itampita tu. Kwake sifa igeuzwe kuwa faida, na njia yake ni kuiuliza kila sifa: kwa hiyo iweje? Ina SSD. Kwa hiyo iweje? Haina sahani ya kuzunguka, hivyo inawaka upesi. Kwa hiyo iweje? Binti anafungua daftari lake mhadhara ukiwa ndiyo kwanza unaanza. Hapo basi. Ukiendelea kuuliza utafika kwenye "mafanikio ya mwanao," na ahadi hiyo hata muuza viatu anaweza kuitoa. Simama kwenye faida ya mwisho ambayo mashine yenyewe inaweza kuithibitisha.

Uthibitisho huo ndio unaowashinda wauzaji wengi wa laptopu za bei nafuu, hasa kwenye betri. Kabla ya kuandika "inakaa na chaji siku nzima," fungua dirisha la amri uandike:

```
powercfg /batteryreport
```

Windows itatengeneza ripoti yenye mistari miwili ya kusoma: DESIGN CAPACITY, uwezo wa betri ilipotengenezwa, na FULL CHARGE CAPACITY, uwezo uliobaki. Tuseme wa kwanza ni 50,000 mWh na wa pili ni 30,000. Betri imebaki na asilimia 60. Mashine ikitumia wati 10 kwa kazi ya kuandika, wati-saa 30 zitakwisha kwa saa 3. Basi andika "Saa 3 za kuandika bila umeme." Ni ahadi ndogo kuliko "siku nzima," lakini mteja hatarudi dukani jioni kudai fedha zake.

Kwa hiyo kwenye tovuti ya kutafutia, sifa ziwe kichwa na faida ifuate chini yake. Kwenye bango au picha ya mtandaoni, faida iwe kichwa na sifa inayoibeba ikae mstari wa pili: "Inawaka upesi, haigandi ukifungua kurasa nyingi," kisha "SSD 256GB, RAM 8GB, Core i5 kizazi cha 8."

Ukibaki na shaka, jaribu vyote viwili. Tumia picha moja na bei moja, uvitoe saa zile zile kwa wiki mbili zinazofanana, ubadilishe kichwa tu. Usihesabu waliopenda. Kichwa cha faida kinaweza kuleta wengi wanaouliza "RAM ngapi?" kisha wakanyamaza, na kichwa cha sifa kikaleta wachache wanaouliza "duka liko wapi?" Hesabu waliolipa, na uwatoe waliorudisha mashine.