Mkandarasi Anapoomba Siku za Nyongeza

Masika yakianza kwenye ukanda wa pwani ya Tanzania, mwezi Machi, wengi wanaojenga hupokea ujumbe wa simu unaofanana: "Bosi, kazi imesimama kidogo, nondo zimechelewa na mvua ni kubwa." Huenda kila neno ni la kweli, lakini ujumbe huo haumsaidii mteja wala mkandarasi. Hausemi ni kazi gani imesimama, tangu lini, wala nyumba itakabidhiwa tarehe gani. Miezi miwili baadaye, mteja akidai fidia ya kucheleweshewa nyumba, kila upande utakuwa unategemea kumbukumbu zake tu.

Taarifa ya maandishi ndiyo inayoepusha ugomvi huo, na ugumu wake upo kwenye kuhesabu siku. Nondo zikichelewa wakati mvua nayo inanyesha, ni rahisi kuihesabu siku moja mara mbili.

Tuchukue mfano wa nyumba ya chini ya vyumba vitatu nje kidogo ya Dar es Salaam. Mkataba unasema mteja ananunua nondo mwenyewe, vifaa vingine ni vya mkandarasi, na nyumba ikabidhiwe tarehe 31 Mei. Kwa mujibu wa ratiba, nondo za linta zilitakiwa kufika saiti tarehe 10 Machi. Zikafika tarehe 24, zimechelewa siku 14. Mvua nayo ilizuia kazi za nje tarehe 20 hadi 23, kisha tarehe 25 hadi 29, jumla siku 9. Mkandarasi mwenye haraka atajumlisha 14 na 9, kisha aombe siku 23.

Sasa tulifungue daftari la saiti. Tarehe 10 hadi 13 mafundi walikuwa bado wanamalizia kozi za mwisho za tofali. Hata nondo zingekuwepo, linta isingeanza. Siku hizo nne hazikupotea. Kazi ilisimama kweli kuanzia tarehe 14 hadi 23, yaani siku 10. Mvua ya tarehe 20 hadi 23 imo ndani ya siku hizohizo, kwa hiyo haiongezi kitu: anga ingekuwa nyeupe, bado pasingekuwa na nondo za kufunga.

Nondo zilipofika, mafundi walitumia tarehe 25 na 26 kukata nondo na kukunja ringi chini ya turubai. Ilinyesha, lakini kazi iliyokuwa inafuata ilifanyika. Tarehe 27 hadi 29 ilibidi wapande ukutani kufunga boksi na kumwaga zege, na hapo mvua ikawazuia. Hizo ni siku 3. Ukijumlisha na zile 10, siku zilizopotea kwa haki ni 13. Tarehe ya kukabidhi inasogea kutoka 31 Mei hadi 13 Juni.

Kuna wateja wanaodhani mvua ni kisingizio, kwa kuwa zege lenyewe linahitaji maji. Hebu tupime. Mvua ya milimita 20 humwaga lita 20 kwenye kila mita moja ya mraba. Linta yenye upana wa sentimita 15 na urefu wa mita 10 itapokea lita 30 kwa juu. Mfuko mmoja wa saruji wa kilo 50 huchanganywa na maji yapatayo lita 25. Hata kama sehemu kubwa ya mvua hiyo inatiririka chini, inayobaki huingia kwenye zege bichi na kulidhoofisha, na inayotiririka huondoka na saruji. Dalili yake huonekana baadaye: uso wa zege unakuwa na kokoto zilizo wazi, na ukiukwaruza kwa msumari unatoa vumbi la mchanga. Fundi anayekataa kumwaga zege chini ya mvua kubwa anailinda nyumba yako.

Taarifa iliyotokana na hesabu hiyo haina haja ya kuwa ndefu. Inaweza kusomeka hivi:

"Ndugu, salamu. YAH: KUCHELEWA KWA KAZI YA LINTA. Nondo ulizopaswa kuleta tarehe 10 Machi zimepokelewa saiti tarehe 24 Machi, nakala ya hati ya kupokelea mzigo imeambatanishwa. Kazi ya tofali ilikamilika tarehe 13, hivyo kazi ilisimama kwa kukosa nondo kuanzia tarehe 14 hadi 23, siku 10. Mvua ilizuia kumwaga zege tarehe 27 hadi 29, siku 3. Kurasa za daftari la saiti na picha zimeambatanishwa. Siku za mvua zilizoangukia ndani ya siku za kusubiri nondo hatukuzihesabu tena. Tunaomba tarehe ya kukabidhi isogezwe hadi 13 Juni. Tarehe 24 hadi 26 tuliendelea kuandaa nondo chini ya turubai ili kupunguza ucheleweshaji. Tafadhali tujibu kwa maandishi."

Barua hiyo inamwezesha mteja kuhakiki kila dai. Tarehe ya nondo ataiona kwenye hati ya mzigo. Mvua anaweza kuilinganisha na kumbukumbu za Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, ambayo huiita mvua kubwa inapozidi milimita 50 ndani ya saa 24. Lakini kituo cha kupimia kinaweza kuwa mbali na saiti, na mvua ya pwani hunyesha mtaa mmoja ikauacha wa pili. Ndiyo maana daftari linaloandikwa kila jioni, likisainiwa na msimamizi wa mteja, lina uzito mkubwa.

Kukubali kwamba siku zimepotea hakumalizi swali la nani azibebe. Kwenye mfano wetu nondo zilikuwa jukumu la mteja, kwa hiyo siku 10 ni haki ya mkandarasi, na pengine gharama ya mashine ya kuchanganyia zege iliyokodiwa ikakaa bure. Kama mkandarasi ndiye angekuwa mnunuzi, siku za kumsubiri muuzaji wake kwa kawaida zingekuwa zake, na hapo zile nne zilizogongana na mvua ndizo zingeleta mabishano.

Mvua ina kanuni yake. Masika huja kila mwaka, hivyo mvua ya kawaida ya Machi na Aprili inatakiwa iwe imehesabiwa kwenye ratiba tangu mwanzo. Mikataba mingi hutoa nyongeza kwa mvua iliyozidi kawaida, kama ile iliyoleta mafuriko Tanzania na Kenya mwaka 2024. Mkataba wenu ukinyamaza kuhusu mvua, hata siku 3 za mfano huu zitabidi mkubaliane.

Muda wa kutoa taarifa nao una ukomo. Mikataba ya FIDIC, inayotumika kwenye miradi mikubwa, humpa mkandarasi siku 28 tangu alipojua au alipopaswa kujua tatizo, na akizembea anaweza kupoteza haki ya nyongeza. Kwa nyumba ya kuishi, andikeni wenyewe kwenye mkataba muda mfupi zaidi, kwa mfano siku saba. Mteja akijua mapema anaweza kumfuatilia muuzaji, kumwomba mwenye nyumba anayopanga amwongezee mwezi, au kuahirisha malipo ya mabati.

Ukiipokea taarifa kama hiyo, usiijibu kwa "sawa" ya simu. Kagua tarehe moja moja, andika siku unazozikubali na unazozipinga pamoja na sababu, kisha mtie saini ratiba mpya nyote wawili. Ratiba hiyo ndiyo itakayotumika kuhesabu uchelewaji wowote utakaofuata.