Kufuli la Python na mafaili 528 ya mvua

Ukilalamika mbele ya waandishi wa programu kwamba programu yako ya Python inachukua nusu saa kupakua mafaili, hutakosa mtu wa kukuambia usihangaike kuongeza nyuzi. Python ina kufuli, atasema, uzi mmoja tu ndio unaofanya kazi kwa wakati, kwa hiyo nyuzi kumi na uzi mmoja ni yale yale. Nusu ya kwanza ya maneno hayo ni kweli. Hitimisho lake ndilo lililopotoka, na wengi wamelibeba hivyo hivyo bila kulipima.

Tuanze na hilo la kweli. Uzi ni mkondo wa kazi ndani ya programu. Programu moja inaweza kuwa na nyuzi kadhaa zinazotumia kumbukumbu ileile, na kompyuta yenye viini vinne vya prosesa inaweza kuziendesha nne kwa pamoja. Python ya kawaida, ile ambayo wengi wetu tunaisakinisha, hairuhusu hivyo. Kila kitu kilichomo ndani yake, iwe namba, orodha au jina, kimeandikiwa hesabu ya ni sehemu ngapi za programu zinazokitumia, na hesabu ikifika sifuri kitu hicho hufutwa. Nyuzi mbili zikiigusa hesabu moja kwa wakati mmoja, hesabu huharibika na kitu hufutwa kingali kinatumika. Dawa iliyochaguliwa zamani ilikuwa kufuli moja la programu nzima, ambalo wenyewe hulitaja kwa herufi tatu, GIL: uzi unaotaka kutekeleza maagizo ya Python sharti ulishike kwanza.

Sifa mbaya ya kufuli hilo ina sababu. Mwaka 2010, katika mkutano wa PyCon, David Beazley alionyesha programu ndogo ya kuhesabu kurudi nyuma ambayo ilipogawiwa nyuzi mbili kwenye kompyuta ya viini viwili ilichukua muda mrefu kuliko ilipoendeshwa na uzi mmoja. Nyuzi zilikuwa zinagombea kufuli badala ya kuhesabu. Toleo la 3.2 lilikuja na kufuli lililoandikwa upya na Antoine Pitrou na ugomvi ule ukapungua sana, lakini kauli kwamba nyuzi za Python hazifai kitu ilikuwa imeshasambaa.

Ila Beazley alikuwa anahesabu. Kupakua si kuhesabu, kupakua ni kusubiri. Uzi unapoomba data kutoka kwenye mtandao, hauna agizo lolote la Python la kutekeleza mpaka data ifike, na waliotengeneza Python walilijua hilo. Ukifungua msimbo wa C ulio nyuma ya soketi utaona maneno haya kabla ya kila wito unaoweza kukawia:

```c
Py_BEGIN_ALLOW_THREADS
/* hapa uzi unasubiri mtandao */
Py_END_ALLOW_THREADS
```

Mstari wa kwanza unaachia kufuli, wa mwisho unaliomba tena. Katikati yake uzi unaweza kusubiri sekunde nzima huku nyuzi nyingine zikiendelea na shughuli zao. Ndivyo ilivyo kwa kufungua muunganisho, kupokea baiti, kuandika faili kwenye diski, hata `time.sleep`. Swali la maana basi si kama kufuli lipo. Ni kwa muda gani programu yako inalishika.

Tuchukue kazi halisi. Kituo cha Climate Hazards Center cha Chuo Kikuu cha California, Santa Barbara, hutoa makadirio ya mvua yanayoitwa CHIRPS, na wanaofuatilia ukame Afrika Mashariki huyatumia sana. Kwa bara la Afrika kuna faili moja la kila mwezi tangu Januari 1981. Ukitaka hadi Desemba 2024, hayo ni mafaili 528. Tuseme kila moja lina megabaiti 2, mpakuaji yuko Dar es Salaam, laini yake ni ya megabiti 20 kwa sekunde, na ujumbe kwenda kwenye seva na kurudi unachukua sekunde 0.3.

Faili moja likipakuliwa peke yake, sekunde 0.9 za mwanzo zinaishia kwenye safari tatu: kufungua muunganisho, kukubaliana juu ya usiri, kisha kuomba faili. Baada ya hapo seva haimimini data kwa mkupuo. Huanza na kama kilobaiti 15, ikipata jibu kwamba zimefika hutuma maradufu, na kuendelea hivyo hadi laini ijae. Kwa safari za sekunde 0.3, megabaiti 2 zinakamilika karibu sekunde ya tatu. Mafaili 528 yakifuatana mmoja mmoja ni sekunde 1,584, yaani dakika 26.

Laini yenyewe inahitaji muda gani? Megabaiti 2 ni megabiti 16, na laini ya megabiti 20 inazipitisha kwa sekunde 0.8. Kwa mafaili yote ni kama dakika 7. Kwa hiyo katika zile dakika 26, kwa jumla ya kama dakika 19 laini ilikuwa haipitishi kitu, na muda huo ndio nyuzi zinaokoa:

```python
from concurrent.futures import ThreadPoolExecutor
from urllib.request import urlopen

def pakua(anwani):
    jina = anwani.rsplit("/", 1)[-1]
    with urlopen(anwani, timeout=30) as jibu:
        data = jibu.read()
    with open(jina, "wb") as faili:
        faili.write(data)
    return jina

with ThreadPoolExecutor(max_workers=6) as kundi:
    for jina in kundi.map(pakua, orodha):
        print(jina)
```

Mbona sita, si sitini? Gawa sekunde 3 za faili moja kwa sekunde 0.8 ambazo laini inazihitaji: unapata karibu 4. Nyuzi nne zinatosha kuijaza laini hii, mbili za ziada ni za kuziba mapengo. Ukiweka sitini hutapata faili hata moja mapema zaidi. Utakuwa umegawanya megabiti zilezile kwa wadai wengi, na seva inayohudumia dunia nzima ina haki ya kukujibu kwa namba 429, maana yake umezidisha maombi. (Ile `timeout=30` nayo msiiondoe. Bila hiyo, muunganisho mmoja uliokufa kimyakimya unaweza kuushikilia uzi mpaka kesho.)

Angalia kwamba katika hesabu yote hiyo kufuli halijatajwa. Kwa kila faili programu inahitaji labda milisekunde 20 za prosesa: kusoma vichwa vya jibu, kufungua usiri, kunakili baiti. Katika sekunde 3 hizo hazifiki hata asilimia moja. Zikijumlishwa kwa mafaili yote ni kama sekunde 11, na hata zote zingeshikiwa kufuli, zinamezwa ndani ya zile dakika 7.

Huhitaji kuniamini. Kwenye Linux au Mac endesha programu yako kwa `bash -c "time python3 pakua.py"`, mwishoni itakuandikia mistari mitatu. `real` ni muda wa saa ya ukutani, na `user` pamoja na `sys` ni muda ambao prosesa ilifanya kazi. Kama `real` ni dakika 26 na hizo mbili zikijumlishwa hazifiki nusu dakika, programu ilikuwa inasubiri, na nyuzi zitasaidia. Kama zinakaribiana na `real`, prosesa ndiyo iliyolemewa, na hapo ndipo kufuli linaanza kuwa na la kusema.

Hali hiyo hutokea upesi, maana hakuna anayepakua mvua ili aitazame tu. Mafaili yamebanwa, kwa hiyo kwanza yafunguliwe. Hapo tuna bahati: kazi ya kubana na kukunjua iko kwenye moduli ya `zlib`, iliyoandikwa kwa C, nayo huachia kufuli ikiwa kazini. Nyuzi sita zinaweza kukunjua mafaili sita kwa mpigo kweli kweli, kila moja kwenye kiini chake, ndani ya Python hii hii ya kufuli.

Kisha tuseme mtu anaandika kitanzi cha Python kinachopita nukta moja baada ya nyingine kujumlisha mvua. Ramani ya Afrika ina safu 1,600 za nukta 1,500, yaani nukta milioni 2.4. Tukadirie sekunde 0.3 kwa faili, na hizi zote ni za kufuli. Kwa mafaili 528 ni sekunde 158, na hazigawiki hata uweke nyuzi mia.

Je, hapo nyuzi zimeshindwa? Kwenye laini yetu, hapana. Laini inahitaji sekunde 422, hesabu inahitaji 158, na uzi mmoja unahesabu wakati wengine wanasubiri. Kazi itaisha karibu na zile dakika 7. Lakini ichukue programu hiyo hiyo, kwenye kompyuta hiyo hiyo, uiunganishe na laini ya megabiti 100 na uipe nyuzi za kutosha kuijaza. Sasa laini inahitaji sekunde 84 tu, na 158 za hesabu ndizo kikomo. Msimbo haukubadilika ila idadi ya nyuzi, ilhali kikwazo kimehama kutoka mtandaoni kwenda kwenye kufuli.

Tena kufuli linapogombewa lina usumbufu wake. Uzi unaohesabu hauliachii mpaka mwingine uombe na milisekunde 5 zipite. Data iliyosimbwa hufika kwa vipande visivyozidi kilobaiti 16, kwa hiyo faili la megabaiti 2 lina vipande zaidi ya 120, na baada ya kila kipande uzi unaopakua huomba kufuli upya. Ukingojeshwa milisekunde 5 kila mara, umechelewa zaidi ya sekunde 0.6 kwa faili. Dalili yake ni rahisi kuitambua: washa hesabu, kasi ya kupakua inashuka ingawa laini haina kosa.

Tiba ya kwanza ninayoipendelea si ya nyuzi kabisa. Kijumlishe kile kitanzi kwa NumPy, na sekunde 0.3 zitakuwa milisekunde chache. Hesabu isiyoweza kuandikwa hivyo ipeleke kwenye `ProcessPoolExecutor`, ambayo huanzisha Python kadhaa zinazojitegemea, kila moja na kufuli lake. Zitakula kumbukumbu zaidi, na data italazimika kunakiliwa kutoka programu moja hadi nyingine, kwa hiyo zipe jina la faili lisomwe huko huko badala ya kuzirushia megabaiti.

Kuna pia Python isiyo na kufuli, iliyotokana na kazi ya Sam Gross. Ilitoka kwa majaribio katika toleo la 3.13, Oktoba 2024, na katika 3.14 ikapewa hadhi ya kuungwa mkono rasmi, ingawa bado ni toleo la kando unalolisakinisha kwa makusudi. Kwa yule mwenye laini ya megabiti 100 na kitanzi chake cha nukta, ndiyo yenye uwezo wa kuzigawa zile sekunde 158 kwenye viini vyake vyote. Mwenye megabiti 20 ataendelea kungoja dakika zake 7.