Habari ya Kweli Inayoweza Kuharibu Kesi

Wanaosomea sheria ya Uingereza hukutana na swali la namna hii. Jumatatu polisi wa Manchester wanamkamata mwanamume kwa tuhuma za mauaji. Kesho yake gazeti la kitaifa linaandika kwamba miaka 10 iliyopita alifungwa kwa kumjeruhi mtu kwa nyundo, na linamwita mnyama anayetisha mtaa mzima. Kesi inasikilizwa mwaka mmoja baadaye. Siku ya tatu jaji analitoa nje juri, yaani wale raia 12 watakaoamua kama mshtakiwa ana hatia, ili mawakili wabishane kama maungamo aliyotoa kwa polisi yapokelewe. Jaji anaamuru mabishano hayo yasiripotiwe mpaka juri litoe uamuzi. Mwandishi aliyeketi ukumbini anayarusha maungamo mtandaoni kwa simu yake. Je, nani ameidharau mahakama?

Tuanze na gazeti. Mhariri atasema habari ya kifungo ni ya kweli, na wala hakukusudia kuvuruga kesi. Utetezi huo haumfikishi mbali. Sheria ya Kudharau Mahakama ya mwaka 1981 haiulizi nia. Inauliza kama, siku habari ilipotoka, palikuwa na hatari kubwa ya kuathiri vibaya au kukwamisha mwenendo wa haki katika kesi ambayo tayari ilikuwa hai kisheria. Kesi ya jinai huwa hai tangu mtu anapokamatwa, na huyu alikwisha kukamatwa. Mhariri angeponea tu kama angechukua tahadhari zote zinazofaa na bado asijue, wala asiwe na sababu ya kushuku, kwamba kesi iko hai.

Mwanafunzi makini hapo atatupa jicho kwenye kalenda. Mwaka mzima utapita kabla juri halijaketi, na watu husahau. Hoja hiyo ina nguvu. Katika miaka ya 1990 shirika la habari za televisheni la ITN lilitangaza kwamba mtuhumiwa wa mauaji ya polisi aliwahi kutiwa hatiani kwa ugaidi. Mahakama ilikataa kuliadhibu, sababu moja kubwa ikiwa miezi mingi iliyotenganisha habari ile na kesi. Kwa hiyo habari ya kifungo peke yake inaweza kupita.

Lakini wengi huishia hapo, na ndipo wanapokosea. Sheria inataja mambo mawili, kuathiri na kukwamisha, na kukwamisha hakungoji juri. Mwishoni mwa mwaka 2010 mwalimu mstaafu wa Bristol alikamatwa kwa tuhuma za kumuua mpangaji wake. Magazeti yalimchafua kwa siku kadhaa. Hakushtakiwa kamwe, mtu mwingine ndiye aliyetiwa hatiani. Hata hivyo mwaka 2011 Daily Mirror lilitozwa faini ya pauni 50,000 na The Sun pauni 18,000. Mahakama iliona kwamba mtu akipakwa matope kiasi hicho, shahidi ambaye angemsaidia anaweza kusita kujitokeza, na utetezi unadhoofika siku ileile. Hiyo ndiyo hoja ninayoiona nzito kuliko zote katika eneo hili, kwa sababu inamlinda mtu wakati ambapo hana hata wakili aliyesoma jalada lake. Kwa mhariri wetu, basi, kinachomponza ni lile neno “mnyama” na yote yaliyoandikwa kuhusu mtaa, zaidi ya kile kifungo.

Mwandishi mwenye simu ana hoja nzuri zaidi kwa sura: mahakama ilikuwa wazi, naye aliripoti alichosikia. Ni kweli kwamba ripoti ya haki na sahihi, iliyotolewa papo hapo kwa nia njema, inalindwa na kifungu cha 4. Ila kifungu hichohicho kinampa jaji uwezo wa kuahirisha ripoti. Neno ni kuahirisha. Milango haifungwi, na maungamo yataandikwa yote juri likishaamua. Kinachopotea ni siku chache tu. Mjumbe wa juri akiyasoma jioni ile nyumbani, hata jaji akiamua kuyakataa, uamuzi huo hauna maana tena. Huyu amedharau mahakama, na anaweza kufungwa hadi miaka 2.

Amri yenyewe lakini si ya kutolewa kirahisi. Jaji ajiulize kwanza kama hatari ipo kweli, kisha kama amri itaiondoa na kama hakuna njia nyepesi zaidi, mathalani kulionya juri lisisome habari za kesi. Mwisho apime kama bado inafaa kuunyima umma habari kwa muda huo. Mwandishi aliyeona amri imepitiliza angeweza kuomba kusikilizwa na jaji, kisha kukata rufaa. Majaji wa Uingereza wamebadilisha amri za namna hii baada ya kusikiliza vyombo vya habari.