Shoti Bandia ya Opampu: Inatoka Wapi na Hutoweka Lini

Vitabu vinasema miguu miwili ya kuingizia ya opampu ina volti sawa, kana kwamba imepigwa shoti. Mbona ndani hakuna waya?

Ni kweli, waya haupo, na karibu hakuna mkondo unaopita kati ya miguu hiyo. Opampu kazi yake ni moja: kuzidisha tofauti ya volti iliyopo kati ya mguu wa kujumlisha na wa kutoa. LM741 huizidisha mara 200,000 hivi. Kwa hiyo ikiwa inatoa volti 5, tofauti hiyo ni mikrovolti 25 tu. Ukipima, mita inaweza kuonyesha milivolti moja au mbili, lakini hizo zinatokana na miguu kutolingana kikamilifu kiwandani.

Nani basi anayeilazimisha tofauti iwe ndogo hivyo?

Ni rizista ya mrejesho. Tuchukue LM741 yenye pawa saplai ya volti 12 chanya na 12 hasi. Mguu wa 3 uko graundi. Volti 0.5 inaingia mguu wa 2 kupitia rizista ya omu 1,000, na rizista ya omu 10,000 inatoka mguu wa 6, yaani wa kutolea, kurudi mguu wa 2. Mguu wa 2 ukianza kupanda, mguu wa 6 hushuka na kuuvuta chini kupitia ile rizista ya 10,000. Unaposhuka kupita kiasi, huvutwa juu. Hutulia pale tu unapokaribia sifuri, na wakati huo mguu wa 6 una volti 5 hasi.

Shoti hii hutoweka lini?

Opampu inapokosa nguvu ya kuendelea kuvuta. Pandisha ingizo hadi volti 2. Hesabu inadai volti 20 hasi, lakini saplai haina. Mguu wa 6 unakwama, tuseme kwenye volti 10.5 hasi, na mguu wa 2 unabaki na volti 0.86 badala ya sifuri. Hapo ile kanuni haifai tena. Zinabaki rizista mbili zinazogawana volti.

Ukibadilishana miguu ya 2 na 3 kwa bahati mbaya, mrejesho huongeza kosa badala ya kulipunguza, na tokeo hukwama upande mmoja hata bila ingizo.

Masafa nayo yana neno. Kwenye hezi 10,000, uzidishaji wa LM741 hushuka hadi mara 100 hivi. Kutoa volti 5 kunahitaji tofauti ya milivolti 50, kiasi kinachoonekana waziwazi kwenye osiloskopu.

Kwa hiyo kabla hujaanza kukokotoa, weka mita kati ya mguu wa 2 na wa 3. Ikisoma zaidi ya milivolti chache, acha hesabu na uangalie kwanza kama mguu wa 6 umekwama.